Vyeti vya Mabwana wa Handeni

Ofisi ya shirika la Nuru ya Mfugaji ilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo mjini Korogwe, na kwa hukumu ya Edna hapakuwa na mtu hata mmoja humo ndani aliyestahili mshahara wake. Hukumu hiyo aliitoa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo, na kila siku iliyofuata ilimpa ushahidi mpya.

Alikuwa mwanafunzi wa uhazili, amekuja pale kwa mafunzo ya vitendo, yale ambayo wanafunzi wote huyaita field. Babu yake alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda, baba yake alifyatua matofali Makuyuni, na Edna alikuwa ameapa kwamba yeye hatazeeka na udongo kwenye kucha. Alitaka kiti. Kiti chenyewe kilikuwa pale mapokezi, cha magurudumu, kimechanika pembeni, na mwenye kukikalia alikuwa Getruda, katibu muhtasi, aliyekuwa akihesabu siku za kumfuata mumewe Tanga. Getruda akiondoka, kiti kingebaki wazi. Edna alikitazama kiti kile kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

Getruda mwenyewe alikuwa wa kuhurumiwa. Mwaka uliopita alipotakiwa kuandaa vyeti vya mafunzo, alifungua cheti cha zamani, akafuta jina, akaandika jingine, akachapa, akafuta tena, akaandika tena, wiki nzima, mpaka macho yakamvimba. Matokeo yake mkulima mmoja wa Kerenge akapewa cheti chenye jina lake na kijiji cha mtu mwingine, na mwingine wa Mkumbara akapata viwili.

"Sasa mwaka huu, dada, usijitese," Edna alimwambia, kwa sauti ile tamu anayosemeshwa mtoto aliyevaa viatu vikapishana. "Kuna mail merge."

"Ndiyo nini?"

Edna akatabasamu. Alipenda sana swali hilo.

Meneja wa mradi, Bwana Semboja, aliposikia kwamba vyeti mia na ushee vinaweza kutoka kwa mkupuo, alimwita Edna ofisini kwake. Semboja alikuwa mtu wa tumbo, miwani na hotuba. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kukabidhi vitu mbele ya kamera; vitu vyenyewe havikumhusu sana.

"Binti, mwaka jana tuliaibika," alisema. "Mwaka huu mfadhili anataka ripoti yenye picha. Picha za akina mama, hasa. Akina mama wa kifugaji wa Handeni, wameshika vyeti, wanacheka. Ukinitolea vyeti hivi bila aibu, Getruda akiondoka simtafuti mtu mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Na kila jina liwe na heshima yake. Bw., Bi. Cheti kisiseme Matayo hivi hivi tu kama tunaita mbwa."

Edna akatoka akielea. Kwa maneno hayo machache tu alikuwa ameshajiona amekaa mapokezi, anawaambia watu wasubiri.

Orodha za washiriki aliletewa na Mdoe, afisa mafunzo. Huyu alikuwa bingwa wa kuchoka. Alizunguka vijijini kwa gari la mradi, akafundisha usafi wa maziwa na chanjo ya ndama kwa kusoma kijitabu kwa sauti, akagawa karatasi ya mahudhurio, akarudi. Karatasi zenyewe zilikuwa na madoa ya mafuta ya chipsi. Edna alizishika kwa ncha za vidole.

Hata hivyo, lazima isemwe, kazi aliijua. Kwenye Excel aliweka mstari wa juu wa vichwa: Jina, Kijiji, Jinsia, Simu, Tarehe. Safu ya simu aliigeuza kuwa maandishi kabla hajaandika hata namba moja, maana ukiiacha kama hesabu, ile sifuri ya mbele inamezwa, na namba ya mtu inabaki kiwete. Kila mshiriki akapata mstari wake mmoja. Kisha akafungua Word, akapanga cheti chenyewe, na nembo, na mstari wa dhahabu pembezoni, akaenda kwenye sehemu ya Mailings, akakiunganisha cheti na ile orodha, akachomeka sehemu ya jina mahali pa jina na sehemu ya kijiji mahali pa kijiji. Zikakaa pale ndani ya vile vimabano vyenye ncha, zikisubiri watu.

Tarehe zilipojitokeza zikiwa zimetanguliza mwezi, kama wanavyoandika Wamarekani, hakushtuka. Alibonyeza Alt na F9, msimbo ukafunuka, akauongezea mpangilio wa siku, mwezi na mwaka, M akiziandika kwa herufi kubwa, kwa sababu M ndogo kwa Word ni dakika. Getruda alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, na Edna alihakikisha ameona.

Ikabaki heshima ya Bw. na Bi. Hiyo nayo ina kanuni yake: unaiambia Word kwamba ikikuta KE kwenye safu ya jinsia iandike Bi., na ikikuta kitu kingine chochote iandike Bw. Edna akaiweka. Halafu akarudi kukagua safu ya jinsia, na hapo ndipo alipokuta mashimo.

Watu wa Korogwe walikuwa kamili. Rosa, KE. Denis, ME. Deogratius, ME. Angel, KE. Lakini ilipofika Handeni, kwenye lile kundi la wafugaji wa nyanda kavu, safu ilikuwa tupu kabisa. Naisula Mepukori, hakuna kitu. Nasieku Kisemei, hakuna kitu. Leboo, hakuna kitu. Majina ya watu kumi na kitu, na pembeni yake weupe mtupu.

Akamfuata Mdoe, aliyekuwa amelala mezani kwa kisingizio cha kusoma.

"Kaka Mdoe, hawa wa Handeni ni wanawake au wanaume?"

Mdoe akainua kichwa. "Wapi?"

"Hawa. Naisula, Nasieku, Leboo. Hukujaza."

"Ah, hao." Akapiga miayo. "Majina yao nani anayaelewa? Wote wamejifunga mashuka. Mi niliwagawia karatasi, wakaandika wenyewe, basi."

"Si ulikaa nao siku tatu?"

"Nilikaa na ng'ombe, mdogo wangu. Andika ME wote. Mambo ya mifugo ni ya wanaume."

Edna alimdharau kwa jibu hilo, alimdharau hasa, kutoka unyayoni. Lakini dharau haikumfanya anyanyue simu. Namba zilikuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyezilinda sifuri zake. Ya Naisula ilikuwa imeandikwa kwa mkono safi, tarakimu zimesimama wima, pengine ndiyo iliyosomeka kuliko zote kwenye karatasi ile. Kuipiga kungemgharimu dakika mbili. Ila alijiuliza angeanzaje: ampigie mtu aliyeko huko porini, aanze kumwelewesha yeye ni nani, vyeti ni nini, mail merge ni nini, na huyo mtu amjibu "haloo, haloo" upepo unavuma? Aliwaza hivyo bila haya. Wafugaji aliwahi kuwaona mnadani, na kuona huko alikuita kuwajua.

Angeweza pia kuongeza kanuni nyingine, kwamba mahali patupu pasiandikwe Bw. wala Bi. Alijua namna ya kuifanya. Lakini bosi alisema kila jina liwe na heshima yake, na kanuni aliyokwisha kuiweka ilikuwa na jibu tayari: kisicho KE ni Bw. Akina mama wa picha za bosi aliwakumbuka, lakini orodha haikusema ni akina nani; akaiachia Word iamue. Ndiyo raha ya mashine, unaiachia uamuzi wa kijinga halafu unauita wa mashine.

Alasiri ile alimwita Semboja aje aone. Akabonyeza kitufe cha kuonyesha matokeo, na pale palipokuwa na vimabano pakatokea Bi. Rosa wa Mkumbara, akiwa kamili. Akabonyeza mshale, Bi. Rosa akatoweka, akaja Bw. Denis wa Kerenge. Akabonyeza tena, Bw. Deogratius.

"Ala!" alisema Semboja, miwani imeteremka puani. "Hebu tena."

Wakacheza mchezo huo kwa muda, mtu mzima na mwanafunzi, wakibadilisha watu kwa kidole. Handeni hawakufika. Wangefika kama wangeendelea kubonyeza, lakini Semboja alitosheka na wa Makuyuni, akampiga Edna begani, akasema huyu binti ni hazina. Edna akachapa vyote kwenye karatasi ngumu, akavipanga, na kama kuna sauti iliyomnong'oneza kuhusu lile kundi la mwisho, aliijibu kwamba si kosa lake mtu akileta orodha yenye mashimo.

Ugawaji wa Korogwe ulikwenda vizuri, watu wakapiga makofi, wakala pilau, wakaondoka. Siku iliyofuata msafara ukaelekea Handeni.

Turubai lilikuwa limesimamishwa karibu na uwanja wa mnada, na akina mama walikuwa wamefika mapema, wamekaa kwenye mkeka wamenyoosha migongo, mashuka yao yamepigwa pasi ya mkono. Wanaume wao walisimama mbali kidogo wakiegemea fimbo, kwa uso wa mtu aliyepita tu. Mpiga picha alikuwa ameshatafuta mwanga. Semboja alianza na hotuba, na hotuba ya Semboja si kitu cha kumsimulia mtu unayempenda. Alisema elimu ni taa, akasema mama ni taa, akasema maziwa nayo kwa namna yake ni taa. Ndipo akashika bunda la vyeti.

"Bwana Naisula Mepukori!"

Mwanamke mrefu, wa umri kama wa mama yake Edna, akasimama kutoka mstari wa mbele, akaanza kuja.

Semboja akamwonyesha kiganja. "Mama, subiri kidogo. Tunamwita bwana. Kama ni mumeo, mwite aje mwenyewe."

"Naisula ni mimi," alisema yule mwanamke.

"Hapana, hapa pameandikwa Bwana."

"Naisula ni jina la mwanamke. Mtoto mdogo wa hapa anajua."

Kule kwenye fimbo mtu akacheka. Semboja akakitazama cheti, akamtazama mama, akacheka naye, kile kicheko cha wakubwa kinachotaka watu wote wajiunge. Akampa. Akaita kinachofuata. "Bwana Nasieku Kisemei!" Akasimama msichana mwenye mtoto mgongoni. Sasa wanaume walikuwa hawajizuii tena. Walipiga fimbo chini kwa kicheko, na mmoja akapaza sauti kwamba mabwana hao wakirudi nyumbani waende wakachunge, wao watabaki kukamua. Kila jina lililoitwa lilitoka na Bwana wake, na kila mwanamke aliyesimama alisimama akiinamisha uso. Leboo peke yake, mwanamume pekee kwenye darasa lile, ndiye aliyepata haki yake, tena kwa bahati.

Edna alikuwa nyuma ya meza ya soda. Hakuwafikiria akina mama. Alikifikiria kiti.

Naisula hakuwa amerudi mkekani. Alikuwa amesimama palepale pembeni akikisoma cheti, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye saini.

"Nani ameandika hivi?" aliuliza.

"Mama, hiyo ni kompyuta," alisema Semboja. "Kompyuta wakati mwingine inakosea. Kitu kidogo tu. Mafunzo si umeyapata?"

"Kituo cha maziwa wanataka mtu wa kupima maziwa, mwenye cheti. Nikiwapelekea hiki watanilinganisha na kitambulisho. Watasema nimeiba cha mwanamume." Akaigusa saini kwa kidole. "Kwenye karatasi ya Mdoe niliandika namba yangu ya simu. Wenzangu wote tuliandika. Kompyuta ilinipigia?"

Mdoe akageuka kuangalia magari. Edna aliinama chini ya meza kutafuta kifungua chupa ambacho alikuwa amekishika mkononi.

Naisula akakiweka cheti mezani, kifudifudi. Akaja Nasieku akaweka chake juu yake. Wakaja wengine, mmoja mmoja, bila kelele, bila tusi, wakaliacha bunda limerudi lilivyokuwa. Kisha wakachukua vibuyu vyao na watoto wao, wakaenda zao, na pilau ikabaki kwenye masufuria. Mpiga picha alimpiga Leboo picha nne, maana hakuwa na mwingine.

Njiani kurudi walilivuka daraja la mto Pangani. Hapo ndipo Semboja alipogeuka.

"Umeniua, binti."

"Mdoe hakujaza jinsia, bosi."

"Mimi nilimwambia aniulize," alisema Mdoe, mwongo mkubwa, huku akitafuna karanga.

"Ijumaa ripoti inakwenda kwa mfadhili," alisema Semboja. "Nataka vyeti vipya, na nataka picha. Ukishindwa, nitamwandikia mwalimu wako barua, na hiyo sihitaji kompyuta."

Kesho yake asubuhi Edna akapiga ile simu. Iliita mara moja tu, ikapokewa, wala hakukuwa na upepo.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka Nuru ya Mfugaji. Nahakiki taarifa. Samahani, wewe ni KE au ME?"

"Wewe ndiye binti wa jana kwenye meza ya soda, hamkuja na msichana mwingine," alisema Naisula. "Uliponiona, nilikuwa nini?"

"Samahani mama. Ni utaratibu tu."

"Marahaba. Andika mwanamke." Na bila kuombwa akamtajia wenzake wote, huyu mwanamke, huyu mwanamke, Leboo mwanamume, kwa upole wa kumsomea mtu mgonjwa maelezo ya dawa. Kisha akauliza: "Cheti kitakuja lini? Kituo hawatanisubiri milele."

"Wiki hii hii, mama. Nakuahidi."

Edna akajaza KE kwenye yale mashimo, akahifadhi, akaifunga Excel, akafungua cheti kwenye Word, na kwenye orodha ya wapokeaji akaondoa alama kwa watu wote isipokuwa wa Handeni, Leboo akimwacha nje. Akabonyeza matokeo. Bi. Naisula Mepukori. Bi. Nasieku Kisemei. Chai ya Getruda haikuwa imechemka bado. Kazi yote ile ya aibu, ya kicheko, ya safari na turubai, ilirekebishika kwa muda mfupi kuliko wa kusuka nywele za mbele. Edna alilifahamu hilo, akaona vibaya, kisha akaacha kuona vibaya, kwa sababu Semboja alikuwa ameingia.

"Gari halina mafuta ya kwenda Handeni kabla ya Ijumaa," alisema. "Na hata tukienda, wale wamenuna, hawatacheka." Akamwangalia Edna kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwa namna ambayo hajawahi kumwangalia. Haikuwa tamaa. Alikuwa akipima. "Wewe ni mrefu," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashuka yaliazimwa kwa mfanyabiashara wa sokoni, na shanga, na bangili. Wakasimamishwa nyuma ya jengo penye kichaka, ukuta usionekane: Edna, Getruda, Husna anayepika chai, na wasichana wawili wa duka la chini waliopewa soda. Mfadhili atajuaje? Semboja aliuliza hivyo mara kadhaa, kila mara akijijibu kwa kicheko. Getruda alilalamika kwamba shanga zinamwasha. Husna alisema wazi kwamba ni dhambi, kisha akauliza asimame wapi. Edna alijitanda shuka, akashika cheti usawa wa kifua, herufi zionekane, akacheka. Mpiga picha akamsifu kwamba anajua.

Unaweza kusema alilazimishwa. Mwenyewe alijiambia hivyo, na kwa muda fulani hilo lilimsaidia. Lakini hakuna aliyemlazimisha kuandika maelezo ya chini ya picha, hayo aliyaandika kwa hiari yake, kwa sababu Semboja hakuwa mzuri wa sentensi: "Bi. Naisula Mepukori, mfugaji wa Handeni, akionyesha kwa furaha cheti chake." Hata neno furaha ni la kwake.

Ripoti ikapita. Mfadhili akaandika kwamba ameguswa sana. Vyeti vya kweli vikaingizwa kwenye bahasha, bahasha ikaingizwa kwenye droo ya mapokezi isubiri safari ya Mdoe, na safari ya Mdoe ikasubiri mafuta, na mafuta yakasubiri sababu. Sababu haikuwepo. Picha ilikuwa imeshapatikana.

Getruda akaenda Tanga. Edna akamaliza chuo, akarudi na mkataba, akakikalia kiti, akagundua kwamba kilichokuwa kikiunguruma muda wote ule ni gurudumu moja bovu. Alizoea. Alijifunza kuwaambia watu wasubiri hata kama ndani hakuna mtu, na kuangalia skrini wakati anasalimiwa. Semboja aliikuza ile picha, akaitundika ukutani mapokezi, juu kidogo ya kichwa cha Edna, na maelezo yake chini kwa herufi kubwa. Wageni waliifurahia. Hakuna aliyewahi kumtambua, maana wageni wa ofisi ile walimtazama mwenye shuka kama yeye mwenyewe alivyowatazama wafugaji: waliona shuka.

Siku ya mvua ndogo, mwanamke mrefu akapanda ngazi. Alikuwa amevaa shuka na viatu vya matairi vyenye tope, amebeba mfuko wa plastiki. Edna alimtambua kabla hajafika juu, akajikuta anafunga na kufungua droo bila sababu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimefuata cheti changu. Uliniambia wiki hii hii. Kituo cha maziwa waliajiri mwingine, lakini ameondoka, wanatafuta tena. Safari hii nimeona nije mwenyewe."

"Pole sana mama. Usafiri ulikuwa mgumu." Edna akatoa bahasha, akapitia cheti cha Nasieku na vya wengine mpaka akakifikia. "Hiki hapa. Tumeshakirekebisha. Bi."

Naisula alikipokea, akakisoma chote kama alivyosoma kile cha kwanza. Kilikuwa sahihi. Kilikuwa sahihi tangu siku ile, kikiwa na kijimkunjo kidogo pembeni, mahali ambapo kidole cha mtu kilikibana siku ya picha. Akakunjua kitambaa, akakifunga humo, akakitia mfukoni. Ndipo alipoinua macho ukutani.

Alisoma maelezo. Akaitazama picha muda mrefu. Akashusha macho kwa Edna, akayapandisha, akayashusha. Edna alisubiri matusi. Aliyatamani, kwa kweli, maana mtu akikutukana angalau unapata cha kukasirikia. Hayakuja. Uso wa yule mama ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu aliyeuliza bei akatajiwa, akaona bidhaa yenyewe haina maana.

"Utasaini hapa, mama," alisema Edna, akisukuma kitabu cha mapokezi ya vyeti. "Jina, halafu saini. Kwamba umepokea."

Naisula akachukua kalamu. "Jina lako nani?"

"Edna."

"Edna nani?"

Akamtajia. Naisula akainama, akaandika pole pole kwa ule mwandiko wake uliosimama wima. Mahali pa jina la mpokeaji aliandika jina la Edna, kamili, na pembeni akaweka saini. Akarudisha kalamu mahali pake.

"Langu mnalitumia," alisema, akionyesha ukutani kwa kidevu. Kisha akachukua mfuko wake, akashuka ngazi bila haraka.

Mlango wa ndani ukafunguka, Semboja akachungulia na kikombe mkononi.

"Nani alikuwa hapo?"

Edna akakitazama kitabu.

"Hakuna mtu, bosi," alisema, akakifunga.